Mradi wa Fizikia: Umbo Gani la Boti ya Foili Hubeba Shehena Nyingi Zaidi?
Klabu ya Sayansi, Kidato cha Kwanza, Mbeya

Boti huelea pale uzito wake pamoja na shehena unapolingana na uzito wa maji inayoyasukuma pembeni. Sentimita moja ya ujazo ya maji ni gramu 1, kwa hiyo boti yenye ujazo wa sm³ 500 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 500, ukitoa foili yenyewe. Baridi ya Julai haibadilishi hesabu hii kwa kiasi ambacho mizani yetu itakiona.

Kila kundi likate vipande vinne vya foili ya jikoni, sm 20 kwa sm 20. Kimoja kina karibu gramu 2. Vitatu vipindwe kuwa visanduku vyenye kuta za sm 1, sm 3 na sm 6. Pembe zikunjwe zilale ukutani; usizikate kwa mkasi, zitavuja. Kipande cha nne kiwe mtumbwi kama ile ya Kyela: kunja katikati, bana ncha mbili, kisha panua tumbo.

Ujazo wa visanduku ni kwa rula: 18×18×1 = sm³ 324; 14×14×3 = 588; 8×8×6 = 384. Mtumbwi ujazwe mchele mkavu hadi ukingoni, kisha mchele umiminwe kwenye silinda ya kupimia.

Kwa shehena, pima mchanga mkavu wa mtoni, gramu 10 kila kifurushi, ufunge kwenye gazeti. Mahindi hayafai: ni mepesi kwa ujazo wake, yatajaa na kumwagika kabla boti haijafika kikomo. Misumari nayo hutoboa foili.

Weka boti kwenye beseni lenye maji ya kina cha sm 10 au zaidi. Kifurushi cha kwanza kiwe katikati, vinavyofuata viwekwe viwili viwili, pande zinazotazamana. Subiri sekunde 5 kila mara. Hesabu vilivyokuwemo kabla ya kile kilichoizamisha. Rudia mara 3 kwa foili mpya, na kifurushi kilicholowa kibadilishwe, maana kimeongezeka uzito.

Angalieni sana ukingo. Maji huingia penye sehemu ya chini kuliko zote. Kisanduku cha sm 3 chenye pembe moja iliyoshuka hadi sm 2 kitazama kwenye 14×14×2, yaani gramu 392: karibu gramu 200 zimepotea kwa kona moja tu! Kuta ndefu za sm 6 husukumwa ndani na maji, na boti hiyo nyembamba huinama haraka shehena ikikaa juu. Mtumbwi hupinduka kwa sababu hiyohiyo, chini yake ni mkali.

Kwenye daftari andikeni safu tatu: ujazo, gramu zilizobebwa, na tofauti yake. Mbele ya kila tofauti elezeni mlichokiona boti ilipozama: kuvuja, kuinama, au kuta kuporomoka.