Mshale Umehama

Karatasi mpya ililetwa na bodaboda saa nne asubuhi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na vumbi la Kizota lilishaingia kwenye mikunjo. Toleo B. Kwenye jedwali la mabadiliko palikuwa na mstari mmoja tu: rangi, kijani kuwa kijivu.

Fundi Yohana akapaka wino wa bluu kwenye bamba la jigi mpya ya kuongozea drili, akakwaruza mistari kwa sindano. Kazi aliijua. Ni breketi ya beringi ya mashine ya kukamulia alizeti. Jigi ya zamani ilikuwa mezani, bushi zake zimeliwa na drili. Kwa mazoea tu, akapima zote mbili kwa venia. Matundu matatu yakalingana. La nne, umbali kutoka ukingoni: ya zamani milimita 45, mpya 48.

Kwanza alijilaumu mwenyewe. Macho ya miaka hamsini na nane. Akafuta miwani, akapima tena. 48.

Akatoa mchoro wa toleo A mtungini (ndiyo, michoro yake huitunza kwenye mtungi, panya hawafiki). Akabandika karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Zote ni za ukubwa halisi. Jua la Dodoma likapenya. Mistari yote ikalala pamoja, isipokuwa duara moja lililotoa ukingo mwembamba kama mwezi mwandamo.

Akampigia simu binti aliyeuchora mchoro.

"Shikamoo, baba. Lile tundu hatujaligusa. Ni 45, kama zamani."

"Marahaba, mwanangu. Namba haijahama. Mshale ndio umehama."

Kimya. Upande wa pili feni ilikuwa ikilia.

"Zamani ulianzia nje ya kunjo," akasema Yohana. "Sasa unaanzia ndani. Na bamba lako lina unene gani?"

"Tatu," akajibu binti, polepole.

Alifika mwenyewe kabla ya saa nane, kofia ya bodaboda bado mkononi. Hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akasogeza uso karibu na kile kimwezi, akakitazama kwa muda ambao Yohana aliona si adabu kuukatiza. Kijana wa drili akataka kucheka. Mzee akamkata jicho.

"Vipande vingapi vimeshatobolewa?"

"Hata kimoja. Lakini bamba la jigi ningelitoboa jioni hii, nipachike bushi. Baada ya hapo ni chuma cha kutupa."

Akaomba penseli. Yohana akampa kalamu ya wino.

"Chora mshale wako, weka sahihi na tarehe. Halafu kesho niletee toleo C, na kwenye jedwali uandike tundu, si rangi."

Alipoondoka, mzee akaandika USITUMIE kwa chaki nyekundu kwenye toleo B, akaikunja, akaitia mtungini pamoja na nyingine. Kisha akapaka wino upya juu ya ile mistari.