Barua ya Kumuaga Bibi Mwenye Nyumba

Ngamiani, Tanga
26 Septemba 2025

Kwako Bibi yangu,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Najua barua hii utasomewa na mjukuu wako, maana miwani ile umekataa kabisa kuibadilisha. Basi asome polepole, asiruke mahali. Ningeyasema haya hapo barazani, ila jana nilipoanza tu ukanikatiza, ukaniuliza kama nimekula.

Jumapili, inshallah, tunahamia Pongwe. Nyumba haijapigwa plasta, lakini bati limeshapanda na mama Salma amechoka kungoja.

Miaka 21, Bibi. Nilishuka kutoka Lushoto mwaka 2004 na begi moja na kichwa cha cherehani, na kila mwenye nyumba niliyemwendea alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wewe uliniuliza mama yangu yuko wapi. Kisha ukanionyesha chumba cha mwisho kule uani, shilingi 8,000 kwa mwezi, nilipe mwezi kwa mwezi. Usiku ule ukaniletea bada kwa mchuzi wa papa. Kwetu milimani sikuwahi kuiona. Nikadhani ni ugali ulioungua, nikasema moyoni, kumbe huku mgeni anapewa ukoko! Nimeificha siri hii mpaka leo.

Juzi ulipolileta lile daftari la kodi tufunge hesabu, niliona viduara viwili bado vipo. Ni vya mwaka niliovunjika mkono, cherehani ikakaa miezi minne imefunikwa shuka. Hukuniuliza kitu. Kila mwisho wa mwezi ulichora kiduara pale penye kupigwa tiki, basi. Nilipopona nikakuletea kodi ya miezi yote minne; ukahesabu ya miezi miwili, iliyobaki ukamtia Salma mkononi, ukasema ni ya maziwa. Salma sasa yuko kidato cha tatu.

Tuligombana pia, tusidanganyane. Lile bati la jikoni lilivuja masika tatu, tukipika huku tumekinga sufuria. Nilinuna, nawe ukaninunia zaidi, siku mbili huitikii salamu. Ya tatu nikakukuta umesimama na fundi, unaniita nikashike ngazi.

Chumba nimekipaka chokaa. Bili ya maji nimelipa, na kwenye Luku nimewaachia uniti 14. Kitasa kipya sikiondoi; funguo zote tatu nimempa mjukuu wako. Mpangaji ajaye mwambieni dirisha la nyuma lafungwa kwa kuinua kwanza, ndipo kusukuma.

Kama kuna neno lilitutoka likakukera, mimi, mama Salma au watoto, tunaomba radhi. Tuombee dua tunapoingia kule.

Dera lako la harusi limebaki pindo tu. Jumatatu nitalileta mwenyewe, na hiyo bada nitaila.

Mwanao,
Baba Salma