Barua ya Kuomba Ufafanuzi wa Maneno na Vifupisho Kwenye Karatasi ya Ruhusa

Matondoni, Lamu
Jumatatu, 9 Februari 2026

Kwa Muuguzi Msimamizi, Wodi ya Wanawake
Nakala: Daktari aliyetia sahihi karatasi ya ruhusa

Asalaam aleikum, na poleni na kazi.

KUH: MANENO NA VIFUPISHO TUSIVYOVIELEWA, BI. MWANAIDI, MIAKA 63, FAILI IP 214/26

Mimi ni binti wa mgonjwa aliyetajwa hapo juu. Mlimlaza kwa sukari tarehe 2 mwezi huu mkamruhusu Ijumaa tarehe 6. Kwanza ahsanteni. Aliingia kwenu akiwa hajijui, akatoka akitembea kwa miguu yake hadi gatini.

Naandika juu ya karatasi aliyopewa. Ni ukurasa mmoja, mwandiko wa haraka, na umejaa vifupisho ambavyo hapa nyumbani hakuna anayevijua kwa yakini. Naambatanisha nakala yake, na kila nisichokielewa nimekizungushia kalamu nyekundu. Mawili kati ya hayo hayawezi kungoja, kwa hiyo nayatanguliza.

La kwanza ni sindano. Mmeandika “Mixtard 16U mane, 8U nocte”. Ile U imeandikwa kwa haraka mpaka imefunga juu, basi inasomeka kama sifuri: 160 na 80. Sirinji mliyotupa alama zake zinaishia 100, kwa hiyo 160 nilijua siyo. Lakini 80 inaingia. Ijumaa usiku wifi yangu alikuwa ameshavuta dawa mpaka kwenye 80, nikamshika mkono. Asubuhi ya siku hiyohiyo, wodini, alipokuwa akionyeshwa namna ya kuchoma, muuguzi wa zamu alitamka “kumi na sita”, na hiyo ya asubuhi ndiyo tunayoifuata. Ya usiku hakuitaja, nasi tangu Ijumaa hatujamchoma usiku kwa woga. Najua kuacha nako kwaweza kuwa kosa. Jumamosi nilipiga simu ya kliniki mara tatu, ikaita mpaka ikakatika.

Na hilo neno “mane”, hapa kila mtu analisoma “manne”. Kaka yangu alishikilia kwamba achomwe mara nne kwa siku. Dada wa duka la dawa ametwambia ni Kilatini, kwamba mane ni asubuhi na nocte ni usiku. Je, ni hivyo? Na usiku wenyewe ni kabla ya chakula cha jioni au wakati wa kulala? Mama hula saa moja na nusu, akalala saa nne. Naomba vipimo hivi mviandike kwa tarakimu na kwa maneno, na hiyo U muiandike yote, “yuniti”. Mimi hushona kofia, kutwa nahesabu vitundu, namba hazinipi tabu. Tabu ni herufi inayojifanya namba.

La pili ni “D/C Glibenclamide”. Hizi ni tembe alizokuwa akimeza kabla hamjamlaza, na bado tunazo nyumbani nusu chupa. Juu kabisa ya karatasi mmeandika “D/C 6/2/26”, nikaelewa ni siku aliyoruhusiwa. Sasa D/C ileile ikikaa mbele ya dawa, maana yake ni aende nayo nyumbani, au ni aiache? Mmoja wetu anasema hivi, mwingine vile. Tembe na sindano zote kazi yao ni kushusha sukari, nami naogopa zikichanganywa ikashuka mpaka akaanguka. Chupa nimeifungia kabatini hadi mtakapotujibu.

Yaliyobaki yana nafasi kidogo, ila nayo tunayataka.

“Metformin 500mg BD p.c.”: BD tumeambiwa ni mara mbili kwa siku. p.c. tunayoijua sisi ni ya polisi. “Amlodipine 5mg OD”: mpwa wangu alitafuta kwenye simu akapata kwamba OD ni jicho la kulia. Mama akacheka, akasema, “Mato yangu mazima, mie presha.” Dada wa duka la dawa anasema ni mara moja kwa siku, na hilo ndilo linaloingia akilini. Hata hivyo nataka litoke kwenu.

Kwenye sehemu ya ugonjwa mmeandika “T2DM, HTN, ?CKD”. Mawili ya mwanzo nadhani ni sukari na presha, nisahihisheni kama sivyo. Hilo la tatu ndilo lililotuvuruga. Jirani mmoja aliisoma karatasi akatamka “figo” mbele ya mama, na tangu hapo mama hapati usingizi. Anajua watu waliokwenda kusafishwa damu, na anajua safari zake. Naomba mniambie hiyo alama ya kuuliza inasema nini. Ni jambo mnalolishuku na bado mnalipima, au mmeshalithibitisha mkasahau kutwambia? Ikiwa ni la kushuku tu, liandikeni hivyo waziwazi, nimsomee mwenyewe. Ikiwa limethibitika, msimwandikie kaka yangu. Nipigieni mimi, nitakuja na mama tuelezwe tukiwa tumekaa.

Mwisho wa karatasi pana “TCA 2/52 MOPC, FBS + UECs”. Tulidhani ni tarehe, lakini mwezi wa 52 haupo. Mwalimu wa shule hapa alikisia kwamba 52 ni wiki za mwaka, basi 2/52 ni wiki mbili. Ikiwa amepatia, mama anatakiwa kwenu Ijumaa tarehe 20. Nithibitishieni siku, saa, na chumba, kwa sababu MOPC hatujui ni mlango gani. FBS na UECs ni vipimo gani, na je, aje hajala? Muuguzi alimwambia “uje umefunga”. Mwezi wa Ramadhani unakaribia kuandama, na tarehe hiyo huenda tukawa tumeshaanza saumu, kwa hiyo mama ameelewa kwamba ameruhusiwa kufunga Mwezi mzima na sindano juu. Mimi sidhani kama mlikusudia hivyo. Tuambieni kufunga kwa kipimo ni saa ngapi hadi saa ngapi, na saumu mtuambie mbali.

Naomba majibu yawe ya maandishi, kwa Kiswahili. Mama anakisoma vizuri, na dawa ni zake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Sitaji sheria kwa ugomvi. Wodini mlimtunza kama mama yenu.

Anayeleta barua hii ni kaka yangu, na atangoja hapo. Ya sindano na ya D/C tunayahitaji leo kabla ya magharibi, hata kwa mistari miwili nyuma ya nakala yenye sahihi ya daktari. Mengine yakichukua siku mbili tatu hatutalalamika. Jibu mtieni kwenye bahasha na muifunge. Nambari yangu ya simu iko ndani ya faili, kwenye nafasi ya jamaa wa karibu.

Mama ameridhia niulize kwa niaba yake, na ametia sahihi yake chini ya yangu.

Wenu,

Zainabu, binti wa mgonjwa

Mwanaidi, mgonjwa