Hadidu za Rejea: Mshauri Mwelekezi wa Tathmini ya Mwisho ya Programu ya Mafunzo ya Ufundi Stadi kwa Vijana

1. Usuli

Programu imetekelezwa kwa miaka minne katika vituo vitatu vya mafunzo na inafikia ukomo wa ufadhili wake mwishoni mwa mwaka huu. Imedahili vijana 960 wenye umri wa miaka 15 hadi 24, rika ambalo Umoja wa Mataifa hulitumia katika takwimu za vijana, kwa fani nne: uashi, umeme wa majumbani, uchomeleaji na ushonaji. Kila mkupuo husoma kituoni kwa miezi sita, kisha hufanya uanagenzi wa miezi mitatu katika karakana ya fundi aliyekubali kuwapokea, na anayehitimu hukabidhiwa seti ya vifaa vya kuanzia kazi. Andiko la programu linaahidi kwamba mhitimu atakuwa na kazi yenye kipato ndani ya miezi kumi na miwili, na linajinasibisha na shabaha 4.4 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, inayotaka idadi ya vijana na watu wazima wenye stadi za ajira, kazi zenye staha na ujasiriamali iongezeke ifikapo 2030.

Ripoti za robo mwaka zinaonyesha kuwa wahitimu wengi wanafanya kazi. Takwimu hizo, hata hivyo, zimetokana na simu zilizopigwa na watumishi wa vituo vyenyewe, na mhitimu asiyepatikana aliondolewa kwenye hesabu badala ya kuandikwa kuwa hajapatikana. Kwa kuwa aliyefanikiwa ndiye mwepesi kupokea simu ya mwalimu wake, takwimu za namna hiyo huelekea kupendeza kuliko hali ilivyo, na hiyo ndiyo sababu kuu ya kuagiza tathmini ya nje.

2. Madhumuni

Tathmini italiwezesha baraza la wadhamini kuamua iwapo programu iendelezwe kama ilivyo, ibadilishwe, au ifungwe katika baadhi ya fani. Mapendekezo yatakayotoshea uamuzi wowote kati ya hiyo mitatu hayatakuwa na faida kwetu.

3. Maswali ya tathmini

Mshauri atatumia vigezo sita vya Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, kama vilivyorekebishwa mwaka 2019, yaani ufaafu, uwiano na juhudi nyingine, ufanisi katika kufikia malengo, tija, athari na uendelevu. Hatutarajii vigezo vyote vipewe uzito sawa. Uwiano na tija vijibiwe kwa ufupi, ingawa gharama ya kumfundisha mhitimu mmoja ni lazima ikokotolewe kwa kila fani, ikijumuisha gharama za walioacha masomo njiani.

Uzito uelekezwe kwenye athari. Swali la msingi si wahitimu wangapi wana kazi, bali ni wangapi wana kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo haya. Mshauri achunguze pia kama kazi hiyo inahusiana na fani iliyosomwa, kama wasichana walioingia katika uashi, umeme na uchomeleaji wamebaki humo baada ya uanagenzi, nini kimewatokea walioacha masomo na kwa nini waliacha, na kama mafundi waliopokea wanagenzi waliwafundisha kweli au waliwatumia kufagia na kubeba mizigo. Kuhusu seti za vifaa, ielezwe ni ngapi bado ziko mikononi mwa wahitimu na zinatumika.

4. Tafsiri ya kuwa na kazi

Kwa kipimo kilichokubaliwa katika Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Watakwimu wa Kazi mwaka 2013, mtu aliyefanya kazi kwa ujira au faida kwa angalau saa moja katika wiki ya rejea huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Kipimo hicho kitumike ili matokeo yaweze kulinganishwa na takwimu rasmi, lakini kisisimame peke yake, kwa kuwa saa moja ya kushona kwa wiki haimtoshi mtu kujikimu. Kila jedwali la ajira lionyeshe pia idadi ya saa, kipato cha mwezi uliotangulia, aina ya makubaliano ya kazi na muda ambao kazi imedumu.

5. Mbinu

Mshauri atachukua sampuli nasibu ya vijana wasiopungua 320 kutoka katika orodha kamili ya waliodahiliwa, si ya waliohitimu pekee, akizingatia fani, kituo, jinsi na mkupuo. Asiyepatikana kwa simu atafutwe kupitia ndugu, fundi aliyempokea na viongozi wa mtaa au kijiji kabla ya kuandikwa kuwa hajapatikana, na idadi ya wasiopatikana itajwe katika kila matokeo makuu.

Kwa ulinganisho, vituo vinatunza fomu za waombaji waliotimiza sifa lakini wakakosa nafasi. Hawa ndio kundi la karibu zaidi na wanafunzi wetu, ingawa uteuzi haukufanywa kwa bahati nasibu. Kwa hiyo mshauri aeleze wazi tofauti zilizokuwapo tangu mwanzo na jinsi atakavyozishughulikia. Hojaji iambatane na mahojiano ya waajiri, mafundi, wakufunzi na wazazi, pamoja na majadiliano ya vikundi ambamo wasichana watakaa peke yao na kuongozwa na mwanamke. Hali ya ulemavu ipimwe kwa maswali sita mafupi ya Kundi la Washington.

6. Maadili

Ridhaa itatolewa kabla ya mahojiano, na kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi ataridhia pia. Watumishi wa vituo wanaweza kusaidia kuwatafuta wahitimu, lakini hawatahudhuria mahojiano. Malalamiko yoyote ya unyanyasaji yatawasilishwa siku hiyohiyo kwa ofisa wa ulinzi wa watoto na vijana.

7. Kazi zitakazowasilishwa na malipo

Kazi yote itachukua siku 45 za kazi ndani ya miezi minne. Ripoti ya awali, yenye mbinu, sampuli na hojaji zilizojaribiwa, itawasilishwa katika wiki ya tatu na kulipiwa asilimia 20. Rasimu ya ripoti, itakayowasilishwa katika wiki ya kumi na mbili, italipiwa asilimia 40. Kiasi kilichobaki kitalipwa baada ya kupokelewa ripoti ya mwisho isiyozidi kurasa 40 bila viambatisho, muhtasari wa kurasa mbili kwa ajili ya wahitimu na mafundi, pamoja na data ghafi iliyoondolewa majina. Tunaweza kusahihisha makosa ya ukweli katika rasimu. Hitimisho ni la mshauri, na matokeo mabaya hayatakuwa sababu ya kuzuia malipo.

8. Sifa za mshauri

Mshauri awe na shahada ya uzamili katika uchumi, takwimu, elimu au fani inayokaribiana nayo, na uzoefu wa miaka saba katika tathmini, ukiwemo utafiti wa kufuatilia wahitimu usiopungua mmoja alioongoza mwenyewe. Awe na uwezo wa kuhoji na kuandika kwa Kiswahili fasaha. Aliyewahi kuajiriwa na programu au kushiriki kuibuni hataruhusiwa kuomba.

9. Usimamizi na maombi

Mshauri atawajibika kwa kamati ya tathmini ya baraza la wadhamini, wala si kwa meneja wa programu. Mwombaji awasilishe, katika bahasha mbili tofauti, pendekezo la kiufundi lisilozidi kurasa kumi na pendekezo la fedha linaloonyesha kodi, pamoja na wasifu wa kila mjumbe wa timu na ripoti moja ya tathmini aliyoiandika mwenyewe. Pendekezo la kiufundi litabeba alama 75 na la fedha 25. Maombi yapokelewe ofisi ya manunuzi ndani ya siku 21 tangu tarehe ya tangazo, saa kumi jioni ikiwa ndio mwisho. Yatakayochelewa yatarudishwa bila kufunguliwa.