RISITI NAMBA 7: MALIPO YA KIWANJA CHA ZINGIZIWA, MWEZI WA JULAI 2025

Baba Ebeni na Mama Ebeni, shikamooni za kwangu nazipokea, hii ndo risiti yenu ya mwezi wa saba. Naituma hapa wasapu leo Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025 na ya karatasi Salha anainakili neno kwa neno kwenye kile kitabu cha risiti, mkija mnachukua nakala ya juu, ile ya kaboni inabaki kitabuni kwangu.

Mimi Mama Salha, mwenye kiwanja, nimepokea kutoka kwa Baba Ebeni na Mama Ebeni, wanunuzi (majina matatu matatu yapo kwenye mkataba wetu wa tarehe 4 Januari 2025), jumla ya Sh 550,000, yaani shilingi laki tano na hamsini elfu tu. Nimewaandika wote wawili makusudi maana mkataba una sahihi zenu wote na hela mnatoa wote, sitaki kesho aje mtu aseme kiwanja kilikua cha mmoja.

KIWANJA: ni kile cha Zingiziwa, Chanika, mita 20 kwa 20, bado hakijapimwa, kile chenye mwembe kwenye kona ya kuingilia, mbele barabara ya mtaa, nyuma kwa Mzee Hemedi, kulia kwa fundi wa mageti, kushoto kipande changu nilichobaki nacho. Sio hicho nilichobaki nacho jamani, ni cha upande wa mwembe. Vigingi ni vilevile vinne tulivyopiga siku ya mkataba, hakuna kilichosogezwa.

MALIPO YALIVYOKUJA: yamekuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni M-Pesa, Jumatano tarehe 30 Julai jioni, mlituma 357,000, hapo 350,000 ndo malipo na 7,000 ni ya kutolea, kwahiyo kwenye hesabu ya kiwanja naingiza 350,000 peke yake, ya kutolea haipunguzi deni wala haiongezi, tulikubaliana hivo tangu mwanzo. Meseji yangu inaonesha imetoka kwenye laini ya Mama Ebeni, muamala unaishia na 4KQ, ilhali miezi ya nyuma ilikua inatoka laini ya Baba Ebeni, naliandika hili ili siku mtu akipekua meseji akakuta jina tofauti asianze kuuliza hii hela ya nani na ya nini. Meseji ya simu inasema hela imeingia tu, haisemi ni ya kiwanja au ya kitenge, ndo maana nawasumbua na marisiti haya marefu.

Ya pili ni keshi, 200,000, noti 20 za elfu kumi kumi, Baba Ebeni kaileta mwenyewe hapa nyumbani leo saa nne asubuhi, nikahesabu mbele yake, Salha akahesabu tena, Mzee Hemedi alikua amekaa kibarazani kaona. Noti moja ilikua imechanika pembeni nikaikataa akabadilisha palepale, kwahiyo hizo 20 zote ni nzima.

HELA HII NI YA NINI: 400,000 ni rejesho la mwezi wa Julai 2025, limekamilika. Hiyo 150,000 iliyozidi inaziba pengo la Mei, ule mwezi mtoto alilazwa mkaleta 250,000 badala ya laki nne, risiti namba 5 niliandika pale chini kwamba imebaki 150,000, sasa kuanzia leo hilo deni la Mei limekufa. Risiti namba 5 msiichane wala msiirudishe, ikae hivohivo na hii iwe nyuma yake, zinasomwa pamoja. Na haihesabiki kama malipo ya mbele ya Agosti, Agosti bado nzima.

HESABU YOTE TANGU TULIPOANZA: bei ya kiwanja ni 7,200,000. Kianzio tarehe 4 Januari 2,400,000 (risiti 1). Februari 400,000, Machi 400,000, Aprili 400,000 (risiti 2, 3 na 4). Mei 250,000 (risiti 5). Juni 400,000 (risiti 6). Mpaka hapo ilikua 4,250,000. Ongeza ya leo 550,000.

Jumla niliyopokea mpaka leo: Sh 4,800,000.
SALIO LILILOBAKI: Sh 2,400,000, shilingi milioni mbili na laki nne tu.

Salio hilo ni miezi sita, laki nne kila mwezi, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, mwisho Januari 2026. Mwisho wa kulipa ni tarehe ya mwisho ya kila mwezi na mkichelewa kuna zile siku 14 za mkataba, hakuna faini ndani ya hizo, ila nipigieni tu msikae kimya maana ukimya ndo unaniumizaga kichwa. Mkipata ya kulipa miezi miwili kwa mpigo leteni, bei haipungui lakini nitaandika kila mwezi mstari wake.

Kuna hili pia, tulisema mkifika theluthi mbili ya bei mnaruhusiwa kuchimba msingi, na 4,800,000 ndo theluthi mbili yenyewe kamili, kwahiyo kuanzia leo ruhusa mnayo, fundi wenu anaweza kuingia. Mchanga na tofali mlizoweka pale ni mali yenu na nimeziona. Ila kupandisha ukuta juu ya msingi ni mpaka mmalize, hapo sijabadilika, na kuuza au kumpa mtu mwingine kabla ya kumaliza hairuhusiwi bila mimi kusaini. Mkimaliza Januari tunaenda wote ofisi ya serikali ya mtaa, kule kuna nakala ya tatu ya mkataba, naandika risiti ya mwisho yenye maneno "sina ninachodai", nawakabidhi na karatasi zangu za asili nilizonunulia mimi.

Hela asipewe mtu mwingine yeyote, hata yule dalali aliyewaleta, yeye alishalipwa chake kianzio kilipotoka na hana kazi tena kwenye hii biashara. Inayopokelewa ni ile inayoingia kwenye laini yangu au mkononi mwangu, na Salha anaweza kupokea keshi endapo mimi sipo lakini risiti nasaini mimi. Laini yangu ni ileile, ikitokea meseji ya "tuma kwa namba hii nyingine" hiyo sio mimi, nipigieni mnisikie sauti kwanza.

Ukiona namba yoyote humu haikai sawa na daftari lako Baba Ebeni nijibu kabla ya Jumatano, ikiwa sawa andika hapahapa "tumesoma, sawa" wewe na mwenzio, kila mtu kwa simu yake.

Aliyepokea: Mama Salha, nimesaini kitabuni.
Aliyeleta: Baba Ebeni, kasaini kitabuni.
Shahidi wa keshi: Mzee Hemedi, kaweka dole gumba maana miwani kaisahau kwake.
Chanika, 2 Agosti 2025, saa tano kasoro robo asubuhi.