Muswada wa video ya mteja: gauni la kitenge kwa fundi Mama Salma, Magomeni Mapipa

Urefu: kama dakika 4. Simu ishikwe wima. Msemaji ni mteja mwenyewe, mwalimu wa sekondari, amevaa gauni la pili la fundi huyuhuyu; gauni analolizungumzia liko mezani.

Kurekodi kuanze saa tatu asubuhi, mwanga ukiwa unaingia mlangoni na duka halijajaa. Mteja akiongea cherehani isimame, maana Butterfly ya kukanyaga juu ya sakafu ya saruji inameza sauti ya mtu. Mlio wake urekodiwe peke yake kwa nusu dakika, utawekwa chini ya picha za mikono. Maneno mteja anaweza kuyageuza kwa namna anavyoongea siku zote. Namba zisibadilike.

PICHA 1. Gauni limegeuzwa ndani nje mezani. Kamera karibu kabisa, futi imelazwa juu ya mshono wa ubavuni.

MTEJA: Habari zenu. Mbele ya gauni hili mtaiona baadaye, angalieni ndani kwanza. Huu ni mshono wa ubavuni. Kutoka kwenye uzi mpaka ukingoni kuna inchi moja. Mafundi wengi wanaacha nusu inchi, halafu wanapitisha ovaloki, kisu chake kinakula tena. Ukinenepa kidogo, nguo hiyo umempa mdogo wako. Hapa kila ubavu una kingo mbili, mbavu mbili ni kingo nne. Ukifumua ukatoa nusu inchi kwa kila ukingo, gauni linaongezeka inchi mbili nzima, na inabaki nusu inchi ya kushikilia mshono.

*(Kidole kinapita juu ya mshono polepole. Kata hapa, usiweke muziki.)*

MTEJA: Na hapa kwenye mkunjo wa kwapa, ona alivyochanja kwa mkasi, vidogovidogo, bila kugusa uzi. Pasipochanjwa, mshono wa mviringo haulali, unavuta, na ukinyanyua mkono gauni zima linapanda.

PICHA 2. Fundi anampima mteja. Daftari la vipimo lionekane, lakini majina ya wateja wengine yafunikwe kwa kipande cha kitambaa.

MTEJA: Mama Salma hachukui kifua, kiuno na hipsi peke yake. Anapima bega, chini ya kifua, bega hadi kiunoni, urefu wa mkono na unene wa mkono juu ya kiwiko. Halafu kuna kimoja ambacho wengi wanakiruka: kutoka begani hadi ncha ya titi. Kipimo hicho ndicho kinachomwambia dati, ule mkunjo ulioshonwa wa kulipa gauni umbo la kifua, iishie wapi. Dati zake zinaishia inchi moja kabla ya ncha. Zikifika juu kabisa, kitambaa kinachongoka kama pembe, hata upige pasi asubuhi mpaka jioni.

FUNDI *(akiwa na futi kiunoni mwa mteja)*: Pumua, mwalimu. Usivute tumbo.

MTEJA *(anacheka)*: Hapo ndipo tunapojidanganya! Kifua changu ni inchi 38, gauni lina 40. Inchi hizo mbili ni za kupumua na kukaa kwenye daladala. Ukija kupimwa, vaa nguo nyepesi, na sidiria utakayoivalia gauni lenyewe. Sidiria ikibadilika, dati zote zinahama.

PICHA 3. Kitenge kimetandazwa, fundi anachora kwa chaki. Picha kutoka juu, mtu asimame kwenye stuli.

MTEJA: Kitenge nilinunua Kariakoo, yadi 6. Gauni hili linafika chini ya goti, mikono mpaka kwenye kiwiko, na limekula yadi 3 na nusu. Ile nusu ni ya maua. Maua yakiwa makubwa hivi, lazima yakutane katikati ya mgongo, kwa hiyo kitambaa kinaliwa zaidi. Kama ni ya vidoadoa vidogo, yadi 3 zingetosha. Mwambie fundi kabla hujanunua, utapona na gharama.

Jambo jingine, hakukikata siku ile niliyokileta. Alinirudisha nyumbani nikakiloweke kwenye maji ya baridi, nikianike kivulini, nikipige pasi. Pamba hupungua ikifuliwa mara ya kwanza. Kikikatwa kikiwa kipya, urefu ulioupenda dukani hutaukuta baada ya kufua. Bitana ya pamba nayo iloweshwe, maana bitana ikipungua peke yake inaivuta nguo ya juu na pindo linajikunja.

PICHA 4. Zipu inafunguliwa na kufungwa mara mbili. Halafu mteja anageuza mgongo wa gauni.

MTEJA: Zipu ya kujificha, imepita kiuno kwa inchi 7. Ikiishia kiunoni, utalivaa gauni kwa kulilazimisha hipsi, na chini ya zipu ndipo panapochanika. Na haijabanwa mno kwenye meno. Uzi ukipita juu ya meno, kishikizo kinakwama, unavuta, imekufa.

PICHA 5. Kujaribu. Gauni lenye uzi mrefu mweupe wa bandi bado.

MTEJA: Kabla ya cherehani, anapiga bandi, yaani anashikiza kwa uzi wa mkono, unakuja kujaribu. Kaa, inama, nyanyua mikono. Kasoro ikionekana hapa, anafumua uzi wa mkono kwa dakika chache. Ikionekana baada ya ovaloki, ni kazi mpya. Siku hiyo usiikose, hata kama una haraka. Sehemu ya kujaribia ni pazia tu pale kwenye kona, na kioo kinaishia kiunoni; viatu utakavyovaa njoo navyo, urefu wa pindo ataupima yeye kutoka sakafuni.

PICHA 6. Mteja amesimama nje ya mlango, gauni likiwa limekamilika mwilini. Azunguke mara moja, taratibu.

MTEJA: Gauni kama hili kushona ni shilingi 30,000, likiwa na bitana ni 38,000. Kitambaa unaleta mwenyewe. Uzi na zipu vimo kwenye bei. Unatoa nusu ya bei siku ya kupimwa, nusu nyingine siku ya kuchukua. Kujaribu ni siku ya tano, kuchukua siku ya nane. Ikifika kumi la mwisho la Ramadhani hapokei kazi mpya, na Desemba anafunga daftari tarehe 15. Watu wanamnunia, lakini mimi napenda hivyo, kwa sababu tarehe aliyokuandikia ndiyo utakayochukua nguo. Sare za sendofu au kitchen pati mletee wiki tano kabla, wote mje kupimwa wenyewe. Vipimo vya kutumiwa kwa simu havikubali.

FUNDI *(kutoka ndani, bila kutazama kamera)*: Mtu ananitumia "mimi ni wa kati". Wa kati wa nini?

*(Wote wanacheka. Iachwe kama ilivyo.)*

MTEJA: Ukishuka kituo cha Mapipa, uliza kwa Mama Salma fundi. Jumatatu mpaka Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ijumaa mchana anafunga saa sita na nusu, anarudi saa nane.

Toleo fupi la sekunde 30: chukua maneno ya inchi moja kwenye Picha 1, "Pumua, mwalimu" kwenye Picha 2, kisha bei na siku nane kwenye Picha 6. Bei zitokee pia kwa maandishi chini ya skrini, herufi nyeupe juu ya ukanda mweusi, kwa sababu wengi hutazama wakiwa wamezima sauti.