Idi Mubarak Pongwe, Idi Mubarak Kibosho

Assalam alaykum wa Pongwe, Tumsifu Yesu Kristo wa Kibosho!

Shikamooni wazee wetu wote, Baba na Mama wa Tanga, Baba na Mama wa Moshi, Bibi zetu, mashangazi na wajomba, na nyie mashemeji na mawifi hamjambo. Mwezi umeandama, kesho Idi, na hii ndo sikukuu yetu ya kwanza tangu tufunge ndoa Januari, kwahiyo tumeona salamu zisigawanywe, Salim akatuma kwao na Veneranda kwao, hapana, iende moja kwa wote kutoka kwetu wote wawili. Idi Mubarak sana! Mwenyezi Mungu azipokee swaumu zenu, awape afya, na waliotangulia awarehemu, hasa Babu wa Pongwe ambae alitamani sana kuiona hii ndoa.

Mwaka huu Mungu alitupangia vizuri mno. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari na Ramadhani ikaingia wiki hiyohiyo, kwahiyo nyumba nzima ilikuwa kwenye mfungo, kila mtu na wake. Veneranda anaamka kupasha daku, Salim akienda kuswali alfajiri yeye anasali rozari yake pale sebuleni. Ijumaa ndo ilikuwa tamu zaidi, mchana Salim yuko msikitini, jioni Veneranda kwenye njia ya msalaba, na kwakuwa Ijumaa ya Kwaresima yeye hali nyama basi futari ya siku hiyo tukaifanya ya samaki na muhogo wa nazi tu, tukala sahani moja.

Na hapo Mama wa Pongwe lazima tukushukuru mbele ya watu wote. Ule muhogo umemfundisha mkweo kwa simu jioni kibao, kwamba tui jepesi ndo linaivishia, tui zito linaingia mwisho na moto unapunguzwa, unakoroga taratibu bila kufunika lisije likakatika, na ulikuwa hukati simu mpaka usikie limetulia. Mama wa Kibosho nawe, zile ndizi za mtori ulizopakia kwenye basi zilifika salama kabisa, Salim amefuturu mtori siku nyingi kuliko uji na anasema tumboni unakaa vizuri.

Tunajua haikuwa rahisi kwenu. Kuna wazee pande zote mbili walilala na mawazo, wakauliza watoto watalelewaje, watu watasemaje, na walikuwa na haki ya kuuliza manake wanatupenda. Lakini mlikaa, mkaongea, Baba wa Kibosho ukaenda mwenyewe na Veneranda kwa paroko kuomba ile ruhusa ya askofu, na Baba wa Pongwe ukasimama mbele ya ukoo ukasema huyu ni binti yangu. Hatutasahau. Kila tukipiga magoti na kila tukisujudu mnatajwa.

Sasa ratiba. Kesho tunaanzia hapa Dar, zaka ya fitri imeshatoka, Salim anaswali Idi alafu majirani wanakuja kula pilau. Idi pili asubuhi tunapanda basi kuja Pongwe, na wadogo zake Veneranda wawili tunakuja nao, wanataka kuiona Tanga, Mama tuwekee visheti na kaimati za kutosha.

Pasaka ni tarehe 5 Aprili na tutakuwa Kibosho kuanzia Ijumaa Kuu. Salim anataka afunge sita yake ya Shawali mara tu tukirudi kutoka Tanga ili Pasaka imkute ameshamaliza, ale mbuzi na wenzake. Na kuhusu mbuzi, Baba wa Kibosho ameshaongea na jirani yake Muislamu aje achinje, na kisusio, ile supu ya damu, kitakuwa na sufuria yake mbali, hata hatukumuomba, alipiga simu mwenyewe kutuambia. Asante Baba. Kwahiyo wa Pongwe msiwe na wasiwasi wowote, njooni, tumeshaongea na shemeji mwenye hiace, kutoka Pongwe mnapita Muheza mpaka Segera, pale mnashika barabara ya Moshi moja kwa moja, mjini Moshi tutawapokea tupande wote. Njooni na makoti, Machi na Aprili kule mvua na baridi, Bibi hasa avae soksi.

Watoto wote, wa kule na wa huku, mkono wa Idi upo, wa Pongwe tutawapa wenyewe, wa Kibosho shangazi ameshatumiwa kwenye simu asubuhi atawagawia.

Tunawapenda sana. Anayekuja Pasaka ajibu hapa kabla ya Jumapili ijayo ili Mama ajue apike ndizi kiasi gani.

Wanenu,
Salim na Veneranda